Bio ya kuchekesha isiyojikakamua: namna ya kuiandika na kuijaribu kwa marafiki kabla haijatoka

Aliyekulia na shemeji mchokozi, au na bibi aliyekuwa akimwita mjukuu wake wa kike "mke mwenzangu", anaijua sheria ya utani bila kufundishwa: anayetania humwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Mnyamwezi akimtania Mzaramo, Mzaramo ana lake la kurudisha, leo au siku nyingine. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa sababu hiyohiyo, kila upande una jibu. Utani wa upande mmoja tunauita dhihaka, au maonyesho.

Bio nyingi za kuchekesha zinaharibikia hapo. Mwandishi anarusha mpira, anaudaka mwenyewe, kisha anajipigia makofi. Msomaji anabaki mtazamaji, na mtazamaji hana cha kuandika zaidi ya "mambo". Bio yenye mzaha wa kweli humwekea mgeni kitu mkononi, kitu kidogo anachoweza kumchokozea mwenye bio kabla hata hawajajuana.

Mwongozo huu unahusu bio za programu za kutafuta wachumba, kama Tinder na Badoo, kwa sababu huko ubora wa bio unapimika: ama mtu ameandika jambo kuhusu ulichokisema, ama hakuandika. Tinder inakubali hadi herufi 500, nafasi zikihesabiwa. Usizijaze. Bio ya mzaha inakaa vizuri kwenye herufi 150 hadi 220, yaani sentensi tatu au nne fupi. Zaidi ya hapo msomaji anaanza kuona jasho la mwandishi.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni kijana wa miaka 31, fundi wa friji na viyoyozi, anaishi Temeke. Bio yake ya sasa inasomeka hivi:

"Fundi wa viyoyozi 😎 lakini moyo wangu una joto balaa!!! 😂😂 Namwogopa Mungu na mke wa mtu. Napenda pilau kuliko mapenzi hahaha. Mimi ni mcheshi sana, utacheka mpaka mbavu ziume. Kama huna kazi pita kushoto. Niko siriasi."

Kwanza, litambue jasho linapotokea

Kabla ya kuandika upya, soma bio ya zamani ukiwa na kalamu na upige mstari chini ya kila mahali mwandishi anapomwambia msomaji acheke. Hapa kuna "hahaha", kuna nyuso mbili za kucheka, kuna alama tatu za mshangao, na kuna "mimi ni mcheshi sana". Vyote vinne vinafanya kazi moja, kumshika msomaji mkono na kumwonyesha mahali pa kucheka. Anayesimulia jambo la kuchekesha barazani huku akicheka kabla ya kufika mwisho huwapunguzia wasikilizaji kicheko, na kwenye maandishi hali ni mbaya zaidi kwa sababu hata sauti ya kusaidia haipo.

Halafu tafuta mizaha ya watu wote. "Namwogopa Mungu na mke wa mtu" ni msemo unaopita kwenye bodaboda na kwenye fulana. Si mbaya, ila hauna mwenyewe. Msomaji aliyekwisha kuuona mara kumi hawezi kujua lolote kuhusu huyu fundi. Jaribio lake ni rahisi: chukua sentensi uibandike kwenye bio ya mtu mwingine, dereva, mwalimu, muuza vifaa vya simu. Ikikaa bila shida, itoe. "Moyo wangu una joto balaa" angeweza kuusema kila fundi wa viyoyozi aliyepo nchini, na wengi wameshausema.

Mwisho angalia sentensi zinazofunga mlango. "Kama huna kazi pita kushoto" ni amri yenye harufu ya ugomvi wa zamani, na mtu mwenye kazi yake nzuri anapita kushoto vilevile kwa sababu hataki kuanza maisha na mgomvi. Baada ya usafi huu, kwenye bio ya fundi wetu limebaki neno moja tu lenye thamani, nalo ni "fundi".

Pili, kusanya mambo madogo ya kweli

Usianze kwa kutafuta kichekesho, maana akili inayotafuta kichekesho huokota vya mtaani. Anza kwa kuorodhesha ukweli mdogo mdogo. Tenga dakika 20, andika mambo 10 kwa kujibu maswali haya: Nyumbani wananitania kwa lipi? Nini nafanya vibaya lakini siachi? Nabishana kuhusu nini ambacho hakina maana kwa mtu mwingine? Kwenye kazi yangu kuna jambo gani ambalo wateja wangeshangaa kulijua? Jumapili jioni niko wapi hasa?

Lile la kwanza ndilo lenye mali nyingi. Kama hupati jibu, mpigie dada yako au binamu umuulize, "Hivi mimi mnanicheka kwa nini?" Atakuwa na matatu kabla hujamaliza swali. Utani wa nyumbani umeshapita kwenye majaribio ya miaka, na watu wanaokupenda wameshaona kwamba unachekesha bila kuumiza.

Fundi wetu anapata haya, miongoni mwa mengine. Anatengeneza friji za watu ila ya kwake mpira wa mlango umechoka, mlango haushiki, ameuegemezea kiti na miezi inapita. Anaimba kwaya kanisani lakini mwalimu humpanga karibu na ngoma. Ni mpenzi wa Simba kwenye karakana iliyojaa Yanga. Jumapili huenda Coco Beach kula mihogo.

Ona kwamba hakuna hata moja lililokuwa kichekesho alipoliandika. Ni habari tu, na ndivyo inavyotakiwa.

Tatu, chagua kasoro inayosameheka

Mzaha wa bio unaomhusu mwenye bio ndio salama kuliko wote, kwa kuwa mgeni bado si mtani wako na huna haki ya kumchokoza. Lakini kujicheka nako kuna mpaka. Kasoro unayoitangaza iwe ndogo, irekebishike, na isiguse kitu ambacho msomaji anataka uhakika nacho: uaminifu, usafi, pombe, fedha, au mpenzi wa zamani. "Huwa nasahau kurudisha madeni" inaweza kuwachekesha washikaji kijiweni, ila mgeni ataisoma kama onyo. Kipimo kizuri ni mama mkwe. Mwazie anaisoma bio yako kwenye simu ya mwanawe. Kama angetikisa kichwa na kutabasamu, kasoro inafaa. Kama angeomba mazungumzo ya faragha na mwanawe, iache.

Friji inayoegemezewa kiti inapita kipimo hicho kwa urahisi, tena ina faida ya pili. Kila Mswahili anajua kwamba mganga hajigangi na kinyozi hajinyoi, kwa hiyo msomaji atafika mwenyewe kwenye methali bila kupelekwa. Usiiandike methali hiyo. Ukiiandika umemaliza kazi ambayo yeye angeifurahia. Sehemu kubwa ya raha ya utani ni yule anayesikia kuikamilisha mwenyewe nusu iliyobaki.

Nne, jenga sentensi ili neno zito liwe la mwisho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu mzaha uleule unakufa au kupona kwa mpangilio wa maneno. Linganisha hizi:

"Kiti ndicho kinachoshikilia mlango wa friji yangu, lakini mimi ni fundi wa friji Temeke nzima."

"Cha kuchekesha ni kwamba natengeneza friji za watu lakini ya kwangu ni mbovu, naegemeza kiti."

"Natengeneza friji za Temeke nzima. Ya kwangu mlango unashikiliwa na kiti."

Ya kwanza imetaja kiti mwanzoni, kwa hiyo mshangao umetumika kabla msomaji hajajua anaongea na fundi. Ya pili ina makosa mawili. "Cha kuchekesha ni kwamba" inatangaza kichekesho kama mtu anayegonga glasi kabla ya hotuba, na "ni mbovu" inaeleza kile ambacho kiti peke yake kingekisema. Ya tatu inaweka dai kubwa kwanza, "Temeke nzima", kisha inasimama. Halafu inakuja picha moja, na neno la mwisho kabisa ni "kiti". Baada ya neno hilo kuna nukta na kimya.

Angalia pia kilichotoka: "lakini". Kwa mazoea tunaunganisha pande mbili za mzaha kwa "lakini", "ila" au "tatizo tu ni kwamba". Kiunganishi hicho humwambia msomaji kona inakuja, naye anajishika. Weka nukta mahali pake. Msomaji anakata kona bila kutarajia, na hapo ndipo tabasamu linapotoka.

Kiswahili kina mtego mmoja ambao inafaa kuujua. Neno "na" linabeba mtendaji na pia linaunganisha vitu viwili. Toleo la mwanzo la sentensi hii lingeweza kuwa "Ya kwangu inafungwa na kiti", na mtu mwingine akaelewa kwamba friji na kiti vimefungwa pamoja kwa kamba. Mwandishi haoni kosa hilo kwa sababu picha anayo kichwani tayari. Mtego wa aina hii hugunduliwa na macho ya mwingine tu, na ndiyo sababu kubwa ya hatua ya majaribio.

Jambo moja zaidi kuhusu idadi. Mzaha mmoja kwenye bio unatosha, na ukiwa na wa pili uwe umezaliwa na ule wa kwanza. Mizaha mitano isiyohusiana inamfanya mtu aonekane amesimama jukwaani. Sentensi zinazobaki ziwe za kawaida kabisa, mahali unapokwenda, unachokula, unachofanya Jumamosi. Ukawaida huo ndio unaoupa mzaha sura ya kitu kilichotoka chenyewe.

Tano, acha mlango wazi

Mlango ni sentensi, mara nyingi ya mwisho, ambayo inaweza kujibiwa. Swali la moja kwa moja kama "Wewe je?" ni mlango mzito kusukuma, kwa kuwa linadai mgeni ajieleze. Ombi dogo la kipuuzi ni jepesi zaidi. Kwa fundi wetu liko wazi: "Kama unamjua fundi mzuri, niambie." Sentensi hii inarudi kwenye kiti bila kukitaja, na inampa msomaji angalau njia tatu za kujibu. Anaweza kujifanya fundi, anaweza kumcheka fundi anayetafuta fundi, au anaweza kuuliza habari za kiti.

Ukijikuta huwezi kubuni hata majibu mawili ambayo mgeni angeweza kuyaandika, huo si mlango, ni ukuta uliopakwa rangi. Rudi kwenye orodha ya mambo 10.

Sita, jaribu kwa marafiki, na uwaulize swali sahihi

Kosa la kawaida ni kutuma bio kwenye kundi la WhatsApp na kuandika, "Oyaa, hii inachekesha?" Majibu ya swali hilo hayana kazi. Rafiki Mswahili ana adabu, hatakuvunja moyo mbele ya watu, atakuwekea nyuso tatu za kucheka na kuendelea na shughuli zake. Isitoshe, kwenye kundi wa kwanza akicheka wote wanacheka, na wa kwanza akinyamaza wote wananyamaza. Unakuwa umepima mtu mmoja ukidhani umepima kumi.

Andaa matoleo matatu yenye mizaha tofauti, sio mzaha mmoja uliobadilishwa maneno. Ya fundi wetu ni haya:

A: "Natengeneza friji za Temeke nzima. Ya kwangu inafungwa na kiti. Kama unamjua fundi mzuri, niambie."

B: "Simba damu. Yanga naongea nao siku za kazi tu. Jumapili jioni niko Coco Beach kwa mihogo, pale hakuna timu."

C: "Naimba kwaya mwaka wa 4 sasa. Mwalimu ananipanga karibu na ngoma."

Chagua watu watano. Wawili wawe wanaokujua vizuri, maana hao watakuambia kama bio inasikika kama wewe. Wawili wawe wa jinsia unayotaka ikuandikie, wa rika lako, ambao hamna historia ya mapenzi na hakuna anayemtaka mwenzake, kwa sababu hisia hupotosha jibu. Wa tano, ambaye ndiye muhimu kuliko wote, asikujue kabisa. Mwombe rafiki amwonyeshe mfanyakazi mwenzake bila kutaja jina lako. Marafiki hujaza mapengo kwa sauti yako wanayoifahamu. Mgeni ana maandishi tu, kama atakavyokuwa nayo msomaji wa kweli.

Kila mmoja mtumie peke yake, kwa maandishi. Usimsomee kwa simu wala kwa ujumbe wa sauti, kwa kuwa sauti yako itaubeba mzaha ambao maandishi yangeuangusha. Geuza mpangilio kwa kila mtu, mmoja aanze na A, mwingine na C, maana kinachosomwa kwanza hupata umakini zaidi. Ujumbe uwe wa namna hii:

"Mambo vipi. Kuna bio tatu hapa za mtu mmoja. Ukikutana naye kwenye Tinder ukataka kumwandikia, kwa kila bio ungeanza na maneno gani? Niandikie yaleyale ambayo ungemtumia. Usiniambie ipi nzuri."

Kwa dada mkubwa anza na shikamoo, na kwa mshikaji badilisha unavyojua mwenyewe, ila swali libaki lilelile. Hutafuti maoni. Unatafuta ujumbe wa kwanza, ambao ndio bidhaa halisi ya bio.

Saba, yasome majibu kama fundi anayesikiliza mashine

Tuseme majibu yamerudi hivi. Kwenye A, mmoja ameandika, "Kiti cha plastiki au cha mbao?" Mwingine, "Njoo na hicho kiti tukalie." Wa tatu, "Mimi ni fundi, ila kwangu kabati ndilo linaloshikiliwa." Wa nne ameandika "Kali sana 😂" tu. Yule asiyemjua ameandika, "Friji imefungwa pamoja na kiti? Sijaelewa."

Watatu kati ya watano wamerudisha utani, na wote kwenye jambo lilelile. Hiyo ni alama ya juu kabisa. Kicheko cha emoji kinaweza kuwa adabu, lakini hakuna anayejisumbua kutunga utani wa kurudisha kwa adabu. "Kali sana 😂" ihesabu kama sifuri, si hasi wala chanya. Na yule mgeni amekupa zawadi kubwa kuliko wote, ametegua mtego wa "na". Usimweleze maana. Mzaha unaohitaji maelezo kwa mmoja kati ya watano utayahitaji kwa wengi huko nje, na huko hutakuwepo kuyatoa. Rekebisha sentensi: "Ya kwangu mlango unashikiliwa na kiti." Sasa kuna mlango, na kiti kina kazi inayoeleweka.

Kwenye B, wawili wamewaka: "Yanga hatuna muda na nyie" na "Nenda kalale." Watatu wasiofuatilia mpira wameandika "Mambo" au wameuliza mihogo ya Coco ni shilingi ngapi siku hizi. Mzaha wa Simba na Yanga unafanya kazi kwa sababu utani huo una mizizi, Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, hivyo msomaji anakuja na jibu lililo tayari. Shida yake ni mipaka. Asiyependa mpira hana pa kushika, na aliyeko Mombasa au Bujumbura anaona ugomvi wa watu wengine. Tena ni utani wa mamilioni, haumtambulishi fundi. Lakini angalia walichokifanya wale watatu: wameruka mzaha na kushika mihogo. Sentensi ya kawaida iliyokuwa imekaa pembeni imeleta maswali. Ichukue.

C imeleta jambo la kufundisha. Watatu wameandika, "Hongera kwa kumtumikia Mungu." Wameisoma kama habari njema, mwanakwaya aliyepewa nafasi karibu na ngoma. Mzaha unategemea msomaji ajue kwamba ngoma imewekwa kufunika sauti mbaya, na hakuna neno linalompeleka huko. Ungeweza kuongeza "ili nisisikike", lakini hapo umeufafanua, na uliofafanuliwa umekufa. Mzaha ambao una usomaji wa kawaida ulio imara kuliko ule wa kuchekesha uache kwa ajili ya mazungumzo ya ana kwa ana, ambako uso wako utausaidia.

Kesho yake warudie wawili au watatu kati ya wale watano na uulize swali moja: "Ile ya jana unakumbuka nini? Usirudi kuangalia." Anayesema "yule wa kiti" amekuthibitishia kwamba picha imebaki. Kama anasema "kulikuwa na kitu cha kuchekesha, nimesahau", basi ulimchekesha bila kumwachia chochote.

Na uliza pia, kwa wasiokujua, "Huyu unamwona ni mtu wa namna gani? Niambie maneno matatu." Ukisikia "mchangamfu", "mkweli", "wa kawaida", uko mahali pazuri. Ukisikia "anajiona", "anajitahidi" au "ana maneno mengi", jasho bado lipo, na mara nyingi linatokana na kivumishi kimoja au emoji moja uliyoionea huruma.

Nane, iandike ya mwisho na uijaribu kwa watu wapya

Fundi wetu anaunganisha A iliyorekebishwa na mihogo ya B:

"Natengeneza friji za Temeke nzima. Ya kwangu mlango unashikiliwa na kiti. Jumapili jioni niko Coco Beach kwa mihogo. Kama unamjua fundi mzuri, niambie."

Ni herufi 151. Akitaka kuitumia Instagram, ambako kikomo ni 150, anatoa neno "jioni" na inaingia na nafasi kubaki. Kwenye sehemu ya kujieleza ya WhatsApp kikomo ni 139, kwa hiyo huko sentensi nzima ya mihogo itoke, na bio bado inasimama.

Kwa nini mihogo imewekwa katikati na si mwishoni? Kwa sababu mlango unarudi kwenye kiti, na umbali mdogo kati ya mzaha na marejeo yake ndio unaompa msomaji nafasi ya kusahau kidogo kisha akakumbuka. Mlango ukifuata papo hapo baada ya kiti, zinakuwa hatua mbili za mzaha mmoja na ya pili inasukumwa. Ukiwekwa mbali sana, msomaji ameshatoka.

Toleo hili wape watu wawili au watatu ambao hawakuona yale ya kwanza. Wa mwanzo hawafai tena, wameshajua kiti. Hapa huna haja ya matoleo mengi. Watumie mmoja mmoja, swali lilelile, na ukipata hata majibu mawili yenye utani ndani yake, iweke.

Ikishatoka, iache wiki mbili bila kuigusa. Usihesabu walioipenda, maana hapo picha ndizo zinazofanya kazi kubwa. Hesabu ujumbe wa kwanza unaotaja kitu kilichomo kwenye bio. Kama watu wanaandika lakini hakuna anayetaja kiti wala mihogo, bio haisomwi au haishikiki, na tatizo mara nyingi liko kwenye sentensi ya kwanza. Kama wote wanataja mihogo na hakuna wa kiti, wasomaji wamekuonyesha bio inayofuata ianzie wapi.

Jambo la mwisho ni la maandalizi. Kiti lazima kiwe cha kweli, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa. Mtu akiandika "Kiti cha plastiki au cha mbao?" na wewe ukaanza kujiumauma, utani umekatika pale ulipokuwa unaanza. Kwa hiyo siku unayoiweka bio hewani, nenda jikoni ukakipige picha kiti kikiwa kimeegemea friji, uwe nayo kwenye simu. Na siku utakapobadilisha mpira wa mlango, badilisha na bio.